Sura ya Sita: Kontena Ni Kiasi Gani?

Mtu aketiye asubuhi katika duka la jumla mjini Butembo, penye mabeseni yaliyopangwa hadi darini na marobota ya nguo yasiyofunguliwa bado, hatakaa kitambo kirefu kabla ya kumsikia mwenye duka akipiga simu Kasindi na kuuliza, baada ya kujuliana hali na kuulizana habari za watoto, suala lile lile ambalo baba yake yamkini aliliuliza kabla yake: "Papa deklara, kontena ni kiasi gani?" Deklara ndiye wakala wa forodha, yule ambaye Mombasa na Dar es Salaam wangemwita wakala wa kutoa mizigo. Naye akishazoea kuulizwa hivyo hujibu kwa tarakimu moja, na wote wawili huweka simu chini wakidhani wamefahamiana.

Suala hilo si la upumbavu, bali ni la kale. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Beni ilipokuwa makao ya waasi wa RCD-K/ML, na serikali ya Kinshasa ilikuwa mbali kama ng'ambo ya bahari, wafanyabiashara wakubwa wa Butembo walipatana na watawala wa siku zile kulipa fungu lililokatwa kwa kila kontena, na mara nyingine kulitanguliza kabla shehena haijafika, ili wapunguziwe. Kilichomo ndani ya kontena kilikuwa na uzito mdogo katika mapatano hayo kuliko jina la mwenye kontena. Kwa hiyo kuuliza "kontena ni kiasi gani" kulikuwa kuuliza bei halisi, kama mtu aulizavyo bei ya mbuzi, na jibu la tarakimu moja lilikuwa jibu kamili.

Mambo yamebadilika, suala limebaki. Sheria ya forodha iliyotiwa sahihi tarehe 20 Agosti 2010, pamoja na idara ya DGDA iliyorithi kazi ya OFIDA, hailitambui kontena kuwa kitu kinachotozwa ushuru. Inatambua bidhaa, thamani yake, asili yake, na namba yake katika jedwali la ushuru. Makontena mawili yaliyo sawa kwa urefu, kwa rangi na hata kwa meli yaliyokuja nayo, yaweza kutofautiana kwa maelfu ya dola pale Kasindi. Deklara anayekujibu kwa tarakimu moja bila kukuuliza neno lolote ama anakumbuka kontena la mtu mwingine, ama anataja kiasi ambacho yeye ataona raha kukipokea. Katika hali zote mbili hajakadiria mzigo wako.

Kabla hatujaingia katika hesabu, imetupasa kujua ni nani anayeulizwa. Mzigo wa Butembo utokao Guangzhou au Dubai aghalabu hushushwa Mombasa, ukapita Nairobi, Malaba, Kampala na Kasese hadi Mpondwe, mwendo wa kama kilomita 1,600, kisha ukavuka mto Lubiriha na kuingia Kasindi. Kutoka hapo ni kilomita 80 hadi Beni, na 54 zaidi hadi Butembo. Katika njia hiyo mna mawakala wawili kwa uchache. Wa kwanza yuko Mombasa: yeye huutoa mzigo bandarini kwa hati za kupita tu, huweka dhamana mbele ya forodha za Kenya na Uganda kwamba mali haitauzwa njiani, na hutafuta lori. Wa pili yuko Kasindi, na ndiye atakayeandika tamko la forodha la Kongo katika mashine ya SYDONIA World. Wa Mombasa hajui ushuru wa Kongo, ingawa atakutajia ukimwuliza, kwa kuwa ni aibu kwa wakala kusema hajui; na wa Kasindi hajui ada za bandari ya Mombasa, ingawa naye atakutajia kwa sababu hiyo hiyo. Nimewaona watu wenye akili zao wakikusanya makadirio mawili, wakayajumlisha, wasigundue kwamba nauli ya lori imehesabiwa mara mbili, ilhali siku za kungoja pale mpakani hazikuhesabiwa na yeyote.

Basi tumchukue mwanamke mmoja wa Butembo, wa kubuni lakini si wa ajabu, aliyenunua China kontena la futi 20 la mabeseni na sufuria za chuma zilizopakwa enameli. Ana karatasi ya mwuzaji, ile iitwayo ankara na ambayo Butembo huiita fakitire, yenye jumla ya dola 18,000, na mbele ya jumla hiyo pameandikwa herufi FOB, maana yake bei ya mali ikiwa imeshapakiwa melini, bila nauli wala bima. Anataka kujua atalipa nini Kasindi, na lini ataweka mabeseni dukani.

Akimpelekea deklara picha ya fakitire pekee, deklara mwaminifu hawezi kufanya hesabu, maana ushuru wa Kongo hautozwi juu ya bei ya China. Hutozwa juu ya thamani ya mali ifikapo mlangoni mwa nchi, na mlango wa nchi kwa mzigo huu ni Kasindi, si Mombasa. Hapa ndipo makadirio mengi yanapovunjika. Mtu hujumlisha bei, nauli ya baharini na bima, akaona jumla hiyo imetimia kwa kuwa vitabu vya biashara humwambia kwamba hiyo ndiyo CIF. Lakini meli imemfikisha Mombasa, na baina ya Mombasa na Kasindi mna nauli ya lori ambayo nayo ni sehemu ya gharama za kuifikisha mali mpakani, na afisa wa forodha ana haki ya kuidai katika thamani. Mfanyabiashara wa Mombasa hana tatizo hilo. Mfanyabiashara wa Beni analo kila mara.

Tuseme nauli ya meli ni dola 2,600, bima 200, na lori kutoka Mombasa hadi Kasindi 4,400. Thamani ya forodha basi ni 18,000 na 2,600 na 200 na 4,400, yaani dola 25,200. Tuseme tena kwamba bidhaa imewekwa katika daraja la ushuru la asilimia 20, ambalo ndilo la juu katika yale madaraja matatu ya 5, 10 na 20 yaliyozoeleka katika jedwali la Kongo, na ambalo vyombo vilivyokwisha kutengenezwa huangukia mara nyingi. Ushuru ni dola 5,040. Kisha huja kodi ya ongezeko la thamani, iliyoanza Kongo Januari 2012 na ambayo kila mtu huiita TVA. Hiyo ni asilimia 16, lakini si ya 25,200. Huhesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru uliokwisha kuongezwa, yaani juu ya 30,240, ikawa dola 4,838.40. Kodi juu ya kodi: ndivyo ilivyo, na deklara asiyekuonyesha mstari huu amekuficha jambo au hakulijua. Fauka ya hayo kuna asilimia 2 ya thamani kwa ajili ya mfuko wa viwanda uitwao FPI, dola 504. Jumla ya mafungu haya matatu ni dola 10,382.40.

Sasa ondoa nauli ya lori katika hesabu, kama inavyosahauliwa mara nyingi, utaona thamani imeshuka hadi 20,800 na jumla imekuwa 8,569.60. Tofauti ni dola 1,812.80. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyesema uongo. Mstari mmoja tu haukuandikwa. Lakini mama yetu atakapofika benki na fedha za makadirio hayo yaliyopungua, atakosa zile 1,812.80, na lori litasimama katika uwanja wa Kasindi likingoja, na mwenye lori atahesabu siku zake.

Mwenye kupenda hesabu fupi aweza kuona kwamba katika mfano wetu kila dola moja inayoongezwa katika thamani huzaa senti 41 na kidogo za malipo, nazo ni 20 za ushuru, 19.2 za TVA na 2 za FPI. Tarakimu hiyo ni ya kufaa kuliko ile jumla yenyewe, kwani ndiyo humwezesha mtu kupima hatari ya pili, ambayo ni kubwa zaidi na haitegemei usahaulifu wa mtu.

Hatari hiyo ni ya thamani kupandishwa. Afisa wa forodha halazimiki kuiamini fakitire, hasa fakitire ya kurasa mbili isiyo na hati ya malipo ya benki, yenye bei ya beseni iliyo chini kuliko beseni la jirani aliyepita juma lililopita. Akiitilia shaka aweza kuikataa bei ya kuuzia na kutumia njia nyingine, kama vile kulinganisha na bidhaa za namna moja zilizopita karibuni. Tuseme ameisukuma ile 18,000 hadi 23,000. Nyongeza ni 5,000. Ukiizidisha kwa ile senti 41.2, malipo yamezidi kwa dola 2,060. Kwa hiyo suala la kumwuliza deklara si "utalipisha ngapi" bali "mabeseni ya namna hii yamekubaliwa kwa thamani gani Kasindi katika miezi hii, na je, umeyapitisha wewe mwenyewe?" Deklara aliyepitisha mabeseni mwezi jana atakujibu mara moja, na pengine atakuambia kwa kilo, kwani mara nyingi mashaka ya forodha huanza kwa kugawa bei kwa uzito. Asiyeyapitisha atakuambia usiwe na wasiwasi. Neno hilo, usiwe na wasiwasi, mimi hulihesabu kuwa ni ishara mbaya kuliko tarakimu kubwa.

Kinga iliyo bora dhidi ya mashaka hayo hutengenezwa kabla meli haijang'oa nanga. Kwa miaka mingi mali zinazokwenda Kongo zimetakiwa zikaguliwe katika nchi zinakotoka na BIVAC, kwa niaba ya OCC, ile ofisi ya Kongo ya kukagua ubora na idadi. Na hati itokayo hapo huandika aina ya bidhaa, namba yake ya jedwali na thamani iliyotazamwa. Kadhalika OGEFREM hudai hati yake ya taarifa za shehena, ijulikanayo kwa herufi FERI, ambayo hutafutwa upande wa kupakilia. Mzigo ufikao bila hati hizi haurudishwi China, bali hutozwa faini, na siku hupotea zikitafutwa hati za kutengeneza yaliyopita. Hivyo mtu akimwomba deklara makadirio baada ya meli kuondoka, ameomba nusu tu ya msaada ambao deklara angeweza kumpa. Nusu ile nyingine ilikuwa kumwambia nini kiandikwe katika fakitire, na kwa maneno gani.

Maana maneno yana ushuru wake. Mwuzaji wa China huandika "vifaa vya jikoni", akaona amefafanua. Lakini jedwali la ushuru, ambalo tarakimu zake sita za kwanza ni zile zile duniani kote, halijui vifaa vya jikoni: chombo cha chuma kilichopakwa enameli ni 7323.94, cha chuma kisichoshika kutu ni 7323.93, na chupa ya kuhifadhia chai moto imehamia sura nyingine kabisa, 9617. Ikiwa ndani ya kontena la mama yetu mna katoni 40 za chupa za chai ambazo mwuzaji alizitia kujaza nafasi, na orodha ya upakiaji haikuzitaja, basi wakaguzi watakapofungua milango hawatakutana na chupa za chai, watakutana na tamko la uongo. Katika mji wa Butembo, ambako watu sita au kumi huchanga kontena moja, kila mmoja na marobota yake, jambo hili huumiza kwa namna ya pekee: mwenye nguo za halali hukaa Kasindi siku tisa akimngoja mwenye chupa. Ndiyo maana anayechanga kontena na wenzake yampasa kumwomba deklara makadirio ya kontena zima kwa orodha ya wote, si ya fungu lake peke yake, hata kama wenzake watanuna kuonyesha bei zao. Najua watanuna. Huko Butembo mtu atakuonyesha jeraha lake upesi kuliko fakitire yake.

Ama kuhusu yale malipo mengine yasiyo ya ushuru, hapo hesabu huwa na ukungu, na mara nyingine ukungu hupendwa. Kuna ada za OCC, kuna za OGEFREM, kuna za uwanja na ghala, kuna zinazodaiwa na ofisi za mkoa na za mji; na kuna ujira wa deklara mwenyewe. Mwaka mmoja nililetewa makadirio ambayo mstari wake wa mwisho ulisema "gharama mbalimbali, dola 900". Nikauliza ni gharama gani. Nikajibiwa kwa upole mwingi kwamba ni zile mbalimbali. Sikupata jibu jingine, nikalipa, na hata leo sijui nilimlipa nani. Tangu hapo nimekuwa nikiomba kila mstari uambatane na neno moja mbele yake: ni nani atakayetoa stakabadhi? Mstari wenye stakabadhi ya DGDA kupitia benki ni wa serikali; wenye stakabadhi ya OCC ni wa OCC; wenye stakabadhi ya deklara ni ujira wake, nao haulaumiwi kuwa mkubwa maadamu umeandikwa. Mstari usio na mtoa stakabadhi si lazima uwe wizi, lakini si makadirio pia; ni dua, na mtu aweza kuujadili kabla mzigo haujafika, ilhali akishafika hawezi.

Barua ya kuomba makadirio, basi, haina haja ya ufasaha. Mama yetu aweza kuiandika kwa simu, akiambatanisha picha zilizo wazi za fakitire, orodha ya upakiaji, hati ya shehena ya meli na hati ya nauli ya lori, na ikasema hivi:

"Papa, salamu sana kwako na kwa jamaa. Nina kontena moja la futi 20, mabeseni na sufuria za enameli tupu, hakuna kingine ndani, uzito uko katika orodha. Limepakiwa Guangzhou, litashuka Mombasa. Naomba unihesabie kama litaingia Kasindi: thamani utakayoitangaza na jinsi ulivyoipata, pamoja na lori, namba ya jedwali, ushuru, TVA na FPI kila kimoja peke yake, kisha malipo mengine, kila moja na anayetoa stakabadhi, kisha ujira wako. Nijulishe pia thamani ikipandishwa itafika wapi kwa uzoefu wako. Na siku: ni ngapi, ukianza kuhesabu kutoka lini, na karatasi gani nikichelewesha mimi siku zitaongezeka. Makadirio haya yatadumu hadi tarehe gani?"

Sentensi ile ya mwisho huachwa na wengi. Viwango hubadilika kwa sheria ya fedha ya mwaka, nauli hubadilika kwa bei ya mafuta, na tangu Kongo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 pamekuwapo mazungumzo ya kuoanisha ushuru wake na wa majirani. Makadirio yasiyo na tarehe ya kuisha huweza kutolewa mfukoni miezi minane baadaye kama ushahidi, na pande zote mbili zikakasirikiana kwa haki.

Nimeacha siku nyuma kwa kusudi, kwa sababu siku ni ngumu kuliko fedha. Ukimwuliza deklara "itachukua siku ngapi?" atasema tano, naye hasemi uongo: anahesabu kutoka siku ambayo lori limo uwanjani, karatasi zote zimo mkononi mwake, fedha ziko benki, na mtandao wa forodha haujakatika. Mteja naye husikia tano akahesabu kutoka siku aliyopiga simu. Suala lenye manufaa ni kuigawa safari katika vituo na kuuliza katika kila kituo ni nani aliyeishika saa. Baharini saa imeshikwa na kampuni ya meli, na kutoka kusini mwa China hadi Mombasa ni majuma kadhaa, zaidi kama kontena litabadilishiwa meli njiani. Bandarini imeshikwa na wakala wa Mombasa, na hapo pana siku chache za bure ambazo zikiisha ghala huanza kutoza. Wakala aliyepokea hati ya shehena kabla meli haijatia nanga huzitumia siku hizo kupakia lori, na aliyeipokea baadaye huzitumia kuitafuta. Njiani imeshikwa na shofa na kufuli la kielektroniki ambalo forodha huliangalia kwa mbali, lisije lori likakengeuka kutoka njia iliyoruhusiwa. Siku 7 hadi 12 hadi Mpondwe ni kadirio la busara pasipo kizuizi.

Baina ya Mpondwe na Kasindi, mwendo wa kuvuka daraja, saa haishikwi na mtu. Wakala wa Mombasa husema amemaliza, kwa kuwa Uganda imethibitisha kwamba mzigo umetoka. Deklara wa Kasindi husema hajaanza, kwa kuwa lori halijasajiliwa kwake. Lori laweza kulala foleni siku tatu katika mita hizo chache. Wa kuwaunganisha ni mteja mwenyewe, na njia nyepesi ni kuwapa wote wawili namba ya lori na ya shofa tangu Malaba, na kumtaka deklara aandike tamko lake kabla lori halijafika, jambo ambalo huwezekana ikiwa hati zake zimetimia. Hilo moja huokoa siku kuliko hongo yoyote niliyowahi kusikia.

Kisha kuna ile barabara ya kutoka Kasindi. Kazi za kuitengeneza zilifunguliwa rasmi Mpondwe tarehe 16 Juni 2021 na Marais Museveni na Tshisekedi, nazo zilihusu zile kilomita 80 hadi Beni na 54 hadi Butembo. Lakini lami haizuii risasi. Kuna nyakati ambapo mashambulizi ya ADF yamewalazimisha madereva kungoja msafara wenye ulinzi wa askari, na siku ya msafara haijulikani na deklara wala na mteja. Deklara mstaarabu atakupa tarehe mbili, ya njia ikiwa shwari na ya njia ikiwa imefungwa, na hatajifanya anaweza kuahidi ile ya kwanza. Mwanzoni mwa 2025, Goma ilipotwaliwa na M23 na Beni ikawa makao ya muda ya serikali ya mkoa, lango la Kasindi lilizidi kuwa la maana kwa upande huu wa kaskazini, na foleni hufuata lango.

Mama yetu ataweza kuyaandika haya yote katika daftari lake, tarehe kwa tarehe, na bado akakosa moja, kwa kuwa haiko katika jibu la deklara wala la wakala wa Mombasa. Mabeseni yakishapangwa dukani Butembo, sanduku la chuma lililoyaleta bado si lake: ni la kampuni ya meli, iliyolikopesha kwa siku maalumu za bure na kushika amana kubwa kwa kuwa linakwenda Kongo. Lazima lirudi tupu, kilomita zile zile, hadi Mombasa au hadi uwanja ambao kampuni imekubali, na kila siku ipitayo baada ya muhula hukatwa katika amana. Lori la kulirudisha halitaki kwenda tupu, hungoja kahawa au mbao za kupakia. Na kama makadirio hayakusema ni nani atakayelirudisha, na kwa nauli ya nani, kontena hukaa nyuma ya duka, watoto wakilichezea, na saa yake ikiendelea.